Uzi: Kibao changu kinasema PLANT THE BOAT HERE. Kamusi nimeisoma vibaya wapi?

Baharia_Raskazone

Wagosi, habari za jioni. Naona aibu kidogo lakini nitasema tu. Nafanya kazi kwenye boti inayopeleka wageni kisiwa cha Toten na kuwarudisha. Bosi aliniambia niandike kibao cha Kiingereza, maana wageni wanazubaa pale ufukweni, hawajui waingilie wapi. Kiingereza changu ni cha kati. Kuongea naongea nikaeleweka, kusoma nasoma, ila nikitaka kuandika lazima nifungue kamusi.

Kwa Kiswahili nilitaka "Pandia boti hapa". Nikatafuta "pandia", haipo. Nikatafuta "panda", ipo, na neno la kwanza kabisa mbele yake ni plant. Nikachukua rangi ya mafuta nyekundu nikaandika PLANT THE BOAT HERE.

Kibao kimekaa siku nne. Jana mama mmoja mgeni kasimama, kapiga picha, halafu akaniuliza kwa upole kabisa kama hiyo boti tunaimwagilia maji asubuhi au jioni. Nikacheka naye bila kuelewa. Nimeelewa usiku, nimelala.

Sasa siulizi neno sahihi ni lipi, hilo naweza kumwuliza yeyote. Nauliza, ule mstari wa kwenye kamusi husomwaje? Una kinamba kidogo kimeinuliwa juu, una namba kubwa katikati, una herufi v na n, una kiwimbi hiki ~. Mimi miaka yote naruka vyote hivyo, nachukua neno la kwanza naondoka.

Mkulima_Muheza

Kaka, kama mnapanda mikoko hapo Raskazone msiweke kibao tu. Wekeni na uzio, watu wanakanyaga miche. Ile mbegu yake ndefu inachomekwa moja kwa moja kwenye tope, haihitaji kitalu. Mnapanda lini, nije na vijana wangu?

Baharia_Raskazone

Mzee wangu, hatupandi kitu. Ndiyo shida yenyewe hiyo.

Chumbageni_Mjuaji

Dawa ni moja tu na ni rahisi. Ukipata neno la Kiingereza, usiliandike kwanza. Nenda nusu ya pili ya kamusi, ile ya Kiingereza kwenda Kiswahili, ulitafute hilo neno ulilopata uone linarudi kuwa nini. Plant ungelikuta linarudi kuwa mmea, mtambo, kupanda mbegu, ungeshtuka hapo hapo.

Tena nimekufanyia kazi. Najua watakuja watu hapa wakwambie uandike board. Nimeangalia, board ni ubao. Kwa hiyo nalo si lenyewe. Andika CLIMB THE BOAT, umemaliza.

Shombo_la_Pwani

Ubao unaowaambia watu wapande ubao 😂

BiMwalimu_Ngamiani

Mwanangu Baharia, hujambo. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na kosa lako nimelisahihisha kwenye madaftari mpaka kalamu nyekundu zikaisha. Bwana Mjuaji hapo juu kakupa njia nzuri, ila kaishia katikati ya safari. Nitamrudia.

Tuanze na ulipokosa pa kuingilia. "Pandia" hukuikuta kwa sababu kamusi nyingi haziandiki kila umbo la kitenzi. Zinaandika shina, halafu zinakuachia wewe uvue nguo zake. Amepandishwa, tutapandia, hajapanda, wote hao nyumba yao ni moja, panda. Hapo ulifanya sawa.

Sasa nimefungua kamusi yangu, imeshatoka jalada, lakini ndani iko nzima. Nakunakilia ninavyoiona, nimefupisha kidogo:

panda¹ v plant, sow: ~ mbegu
panda² v 1 climb, mount: ~ mti. 2 board, get on: ~ meli. 3 rise, go up: bei ime~
panda³ n fork of a tree
panda⁴ n horn, trumpet

Kile kinamba kilichoinuliwa juu na zile namba za katikati si ndugu. Kinamba cha juu kinakwambia haya ni maneno mbalimbali yaliyofanana sura tu, kama watu wanne wanaoitwa Juma mtaa mmoja. Namba ya katikati inakwambia huyu ni Juma mmoja, ila ana kazi tatu. Wewe ulisimama kwa Juma wa kwanza, mkulima, ukampa kazi ya bandarini. Boti yako ilikuwa nyumba ya pili, chumba cha pili.

Na kilichokuwa kikuonyeshe ni kile kiwimbi. Kiwimbi kinakaa mahali pa neno lenyewe ili wasilirudie rudie. Kwa hiyo "~ mbegu" soma panda mbegu, "~ meli" soma panda meli, "ime~" soma imepanda. Macho yako yangeanza na vile vipande vya Kiswahili kabla ya kukimbilia Kiingereza, ungeona mbegu, mti, meli, bei. Boti inafanana na nini hapo? Huhitaji hata kujua Kiingereza kuchagua. Mimi nawaambia wanafunzi waweke kidole juu ya yale maneno ya Kiingereza, wasome mifano kwanza.

Baharia_Raskazone

Shikamoo Mwalimu. Nimeifungua yangu sasa hivi na kweli iko hivyo hivyo, ila kwangu "meli" iko kwenye mabano kabla ya neno. Nilidhani namba 1 ndiyo maana kubwa na zinazofuata ni za ziada.

Chumbageni_Mjuaji

Namba 1 NDIYO maana kubwa. Kamusi zote zinapanga hivyo.

BiMwalimu_Ngamiani

Marahaba Baharia. Bwana Mjuaji, zipo zinazopanga kwa matumizi, inayotumika sana inatangulia. Zipo zinazoanza na maana kongwe hata kama leo haitumiki sana. Na maneno yaliyofanana sura, nani atangulie ni uamuzi wa mtunzi tu. Kusoma kurasa za mwanzo za kamusi kunakueleza mtunzi alipanga vipi, na huko huko ndiko vifupi vyote vinafafanuliwa. Ila kurasa hizo ndizo zinazong'oka kwanza, kwangu zimebaki mbili.

Sasa board. Bwana Mjuaji kaenda upande wa pili, kaona ubao, kageuza. Lakini angalia mstari wote:

board n 1 ubao. 2 halmashauri, bodi. 3 chakula cha mpangaji. v 1 panda (meli, ndege, treni). 2 ~ up ziba kwa mbao

Ubao uko chini ya n, yaani jina la kitu. Baharia hatafuti kitu, anatafuta tendo. Basi asisome chochote mpaka afike kwenye v. Ukifika v, ya kwanza tu inakupokea, panda. Umetoka panda ukaenda board, na board imekurudisha panda, tena kwenye panda ile ile ya chombo. Hapo ndipo kuhakiki kunakamilika. Ukirudi ukakutana na neno lako lakini mfano ni wa kitu kingine, bado hujafika.

Na yale mabano yenye meli, ndege, treni si mapambo. Yanakwambia tendo hili linakubali nini mbele yake. Mnazi haumo, punda hayumo, bodaboda haimo. Ukisema board kwa punda watacheka tena.

Climb ulilopewa lina ukweli ndani yake, ni panda kweli, lakini ni ya nyumba ya pili chumba cha kwanza, panda ya mti na mlima. CLIMB THE BOAT mgeni atadhani anatakiwa aparamie ubavuni kama mwizi.

Chumbageni_Mjuaji

Sawa Mwalimu, nakubali ya n na v. Niliangalia haraka. Ila namba 1 bado nashikilia.

Konda_Pongwe

Samahani naingilia kati na langu, ila nadhani ni hili hili. Sisi tulibandika tangazo ndani ya gari, kuna watalii wanapanda kwenda Amboni kwenye mapango. Nikatafuta panda, nikaenda ile ya bei, namba 3, nikafurahi, nikapata rise. Halafu nikajua wakati uliopita unabadilika, nikaandika WE HAVE RISEN THE FARE. Mwalimu mmoja abiria akasema ni kosa, akashuka bila kueleza. Maana nimepata sahihi, mfano ni wa bei, sasa kosa liko wapi?

BiMwalimu_Ngamiani

Konda, wewe umefika mbali kuliko wengi, umekwama mlango wa mwisho. Kamusi kubwa haiishii kwenye v. Inaandika vi au vt. Ile i inasema tendo linaishia kwa mtendaji mwenyewe, halimgusi mwingine. Ile t inasema lazima kiwepo kinachotendwa.

Kiswahili unacho tayari kichwani, ila hukijui kama unakijua. Nauli imepanda. Nani kaipanda? Hakuna, imepanda yenyewe. Sasa sema "tumepanda nauli". Unaona inavyokataa? Unalazimika kusema tumepandisha nauli. Basi panda ya bei ni rise, ina vi. Pandisha ni raise, ina vt. Tangazo lako kwa Kiswahili linasomeka "tumepanda nauli". Ungeandika THE FARE HAS RISEN, au WE HAVE RAISED THE FARE, yote mawili yanasimama.

Jinsi ya kujua bila kumwuliza mtu: tazama mifano chini ya neno la Kiingereza. Chini ya rise utaona jua, bei, maji, kila kimoja kimetangulia mbele ya tendo na nyuma yake hakuna kitu kinachotendwa. Chini ya raise utakuta mtu anainua mkono, anapandisha mshahara. Kama kamusi yako ni ndogo ya mfukoni, ina v tu bila t wala i, na haina mfano hata mmoja, hiyo itakusaidia kusoma. Kuandikia haifai.

Konda_Pongwe

Pandisha! Kumbe mdomoni naisema kila siku. Narekebisha kesho.

Mwenyeji_Bagamoyo

Niongeze la huku kwetu. Nina mpangaji Mjerumani anajifunza Kiswahili, kamusi haitoki mkononi. Msimu wa masika kaja mbio: "Mama, paa wangu analia maji." Nikadhani kafuga mnyama chumbani. Kumbe bati linavuja. Kamusi yake ina paa mawili, moja limeandikiwa [a-/wa-], la pili [li-/ya-], naye hakujua hivyo vibano ni vya nini. Kwa sisi vibano hivyo ni takataka, hakuna Mswahili anayehitaji kuambiwa paa la nyumba ni li. Yeye ndiye angeokolewa navyo.

Nikaanza kufikiri kamusi hizi waliandikiwa nani. Padri Sacleux aliyekaa misheni hapa Bagamoyo alitunga ya Kiswahili kwenda Kifaransa, ilianza kutoka Paris mwaka 1939, na mwaka huo huo ndio ikatoka ya Johnson ya Kiswahili kwenda Kiingereza. Zote mbili ni za kumwezesha mgeni asome na asikie Kiswahili. Kwake panda² ikiwa na climb, mount, board, get on, hana taabu, tofauti za maneno hayo anazijua tangu kwa mama yake. Sisi ndio tunaokwama, kwa sababu tunatumia mlango wa nyuma wa nyumba ya mtu.

BiMwalimu_Ngamiani

Mwenyeji, umesema jambo nililotaka kulisema nikakosa pa kuliweka. Ndiyo maana nawasukuma kwenda upande wa Kiingereza. Upande wa Kiswahili kwenda Kiingereza unampa Mswahili majina ya watu wanaoweza kufanya kazi, basi. Tabia zao haukuelezi. Tabia zimeandikwa upande wa pili, kwenye vt, vi, mabano na mifano. Nyumba ya TUKI ilitoa ya Kiingereza kwenda Kiswahili mwaka 1996 na ya Kiswahili kwenda Kiingereza mwaka 2001, na mimi nikiwa naandika hulala zote mbili mezani.

Hata alama ndogo zina kazi. Ukiona koma kati ya maneno mawili, plant, sow, ujue yanakaribiana. Ukiona nukta mkato, kuna hatua imepigwa, maana imehama kidogo. Ila watunzi wengine wanazichanganya, kwa hiyo msiapie.

Mgosi_wa_Lushoto

Swali la pembeni. Panda ya mbegu na panda ya mti kweli ni maneno mawili? Mimi naona ni neno moja, mbegu ukiipanda nayo inapanda juu. Kamusi niliyotumia shuleni iliweka yote chini ya panda moja, namba 1 hadi 5.

BiMwalimu_Ngamiani

Wengine wanaunganisha, wengine wanatenganisha. Mimi naona ni mawili, ila hoja yako ya mbegu kupanda juu nimeipenda. Kwa Baharia haibadilishi kitu, iwe nyumba mbili au vyumba viwili, mfano wa meli ni ule ule.

Shombo_la_Pwani

Wageni nimewasikia wakisema get in the boat, get on the boat, board siwasikii kabisa. Board nasikia uwanja wa ndege.

Chumbageni_Mjuaji

Get on. Kamusi imeandika hapo juu get on.

Mwenyeji_Bagamoyo

Mpangaji wangu anasema chombo kidogo unachokaa chini ndani yake ni get in, kikubwa unachotembea juu yake ni get on. Kama daladala ni on na teksi ni in. Boti ya Baharia ina ukubwa gani?

Baharia_Raskazone

Abiria kumi na wawili, mabenchi pembeni, turubai juu. Unasimama ukiinama.

Shombo_la_Pwani

Hapo sasa 😂 nusu in nusu on.

BiMwalimu_Ngamiani

Kwa ukubwa huo sitabishana na yeyote. Board ina nafuu moja, haidai in wala on, boti inakuja moja kwa moja nyuma yake, vt hiyo. Kwa kibao inatosha. Ni ya kiofisi kidogo, Shombo kasema kweli, lakini vibao vyote ni vya kiofisi.

Baharia_Raskazone

Mwalimu na wengine, ahsanteni. Kibao nimekikwangua leo mchana, sasa ni BOARD THE BOAT HERE. Bosi kauliza ubao umefanya nini, nikamweleza ya n na v, akaondoka.

Ila anataka mstari wa pili, "Tafadhali vua viatu", kwa sababu ya mchanga. Safari hii nimekwenda taratibu. Kuna vua¹ v, mfano "~ samaki". Nimeipita, ingekuwa kuwaambia watu wavue viatu baharini. Kuna vua² v, mfano "~ nguo", Kiingereza ni take off. Viatu vinafanana na nguo, nimekaa hapo. Nikavuka upande wa pili, take ina namba mpaka 15, off haimo humo. Nikakaribia kukata tamaa, nikaona mwisho kabisa wa mstari, kwa wino mzito, wamepanga take away, take back, take off. Take off nayo ina mbili: vi "(ndege) ruka", vt "vua (nguo, kofia)".

Nimechukua vt. Viatu havimo kwenye mabano lakini nimeona nguo na kofia vinavaliwa kama viatu. Nimekosea?

BiMwalimu_Ngamiani

Hujakosea. Mabano yanatoa mifano miwili mitatu, hayahesabu kila kitu, na umepima vizuri. Angalia tu off inakaa wapi ukiandika. Kamusi yako ina mfano wa sentensi hapo?

Baharia_Raskazone

Upo mmoja, wa kofia. Take your hat off. Nikiweka viatu inakuwa TAKE YOUR SHOES OFF. Au off ije kabla?

Chumbageni_Mjuaji

Kabla. TAKE OFF YOUR SHOES.

Mwenyeji_Bagamoyo

Mjerumani anasema zote mbili.

Baharia_Raskazone

Basi naandika ile ya mfano wa kofia, rangi imebaki kidogo. Mzee wa Muheza, kama mikoko bado unaitaka, njoo Jumamosi maji yakitoka, nitakupeleka bure.

Mkulima_Muheza

Nakuja. Niandikie na kibao changu.